Hakuiba maneno: kwa nini wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hukwama wanapoandika

Muhula uliopita binti ya kaka yangu, aliye mwaka wa kwanza chuo kikuu, alikuja nyumbani wikendi moja na karatasi aliyoikunja mara nne ndani ya mkoba. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya muhula. Alikuwa amepata alama 4 kwa 15. Juu ya ukurasa wa kwanza mhadhiri alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba programu ya kompyuta imeonyesha asilimia 46 ya maneno yake yanalingana na maandishi ya watu wengine, na kwamba akirudia atapelekwa mbele ya kamati ya nidhamu. Mtoto alikuwa ameshalia njia nzima. Akanambia, "Ami, wallahi sikunakili. Nilikaa siku tatu nikibadilisha maneno."

Niliamini. Na nataka kueleza leo kwa nini niliamini, maana jambo hili linawapata watoto wetu wengi wa Pwani kila mwaka, na nyumbani tunalielewa vibaya. Wazazi wengine husema mtoto ni mvivu. Wengine husema Kiingereza chake kibovu, ampelekwe twisheni ya sarufi. Yote mawili hayafiki kwenye shina la tatizo.

Mimi nina diploma ya ualimu tu, na nimefundisha Kiingereza shule za sekondari kwa miaka kadhaa. Kwa hivyo ninayoyasema ni pamoja na makosa yangu mwenyewe.

Tuanze na karatasi yenyewe. Swali lilimtaka aeleze kwa nini misitu ya mikoko inapungua katika Pwani ya Kenya. Ni swali zuri, na kwa mtoto aliyezaliwa Mombasa ni swali la nyumbani. Aliandika kwa Kiingereza, lakini nitaiweka kwa Kiswahili ili sote tuone alichofanya. Katika kitabu alichosoma palikuwa na maelezo yenye maana hii: mvua kubwa za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilisomba udongo mwingi hadi katika hori la Mwache, udongo ukafunika mizizi ambayo mikoko huitumia kupumua, na miti mingi ikafa. Yeye akaandika: mvua nyingi za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilibeba mchanga mwingi hadi katika hori la Mwache, mchanga ukaziba mizizi ambayo mikoko huitumia kuvuta pumzi, na miti mingi ikaangamia.

Tazama vizuri. Kubwa imekuwa nyingi, kusomba imekuwa kubeba, kufa imekuwa kuangamia. Lakini mifupa ya sentensi ni ileile, toka mwanzo hadi mwisho. Na mahali pamoja kubadilisha neno kumeharibu maana, kwa sababu mtafiti hakusema mchanga. Alisema udongo, ule laini unaoshuka na maji ya mito kutoka mashamba ya juu. Mtu wa pwani anajua kwamba mchanga na tope si kitu kimoja. Mtoto mwenyewe alijua hivyo. Lakini alipokuwa akiandika hakuwa akifikiria hori la Mwache. Alikuwa akitafuta neno jingine la Kiingereza lisilofanana na lile la kitabu.

Walimu wa uandishi wa vyuo vikuu wanaijua hali hii vizuri. Rebecca Howard, mwalimu wa uandishi wa Marekani, aliichunguza katika miaka ya 1990 na kusema kwamba mara nyingi si wizi. Ni mtu anayejaribu kushika maandishi ambayo bado hajayaelewa vya kutosha. Ukielewa jambo, unaweza kulisema kwa njia kumi. Usipolielewa, unashikilia sentensi ya mwenzako kama mtu asiyejua kuogelea anavyoshikilia ukingo wa mashua, kwa sababu ukiiacha unazama.

Sasa, imekuwaje mtoto aliyepata alama nzuri ya Kiingereza katika KCSE afike chuo akiwa hivi?

Kwanza tutazame anachofundishwa kuandika. Karatasi ya tatu ya Kiingereza katika KCSE ina insha tatu, na kila moja haitakiwi kupita maneno 450. Moja ni ya kubuni: kisa, au maoni. Mbili ni juu ya vitabu vya fasihi vilivyoteuliwa, ambavyo mwalimu amevichambua darasani kwa muda mrefu, mhusika baada ya mhusika, dhamira baada ya dhamira. Mtihani huo hauna mahali ambapo mtahiniwa anapewa watafiti watatu asiowajua, wanaotofautiana, aambiwe awasome, awalinganishe, kisha aseme yeye anaona nini. Akifika chuo, katika miezi michache tu, anaambiwa aandike maneno 2,000 kwa namna hiyo hasa. Wala hakuna aliyemfundisha kati ya Novemba ya mtihani na siku ya kupokelewa chuoni.

Na hapa naungama. Mimi niliwafundisha wanafunzi wangu kufungua insha kwa maneno ya kupamba, kwa sababu yalipata alama. Binti yetu naye alifundishwa vivyo hivyo. Aya yake ya kwanza ilianza kwa kusema kwamba tangu dunia iumbwe, mti umekuwa rafiki wa mwanadamu. Sentensi nne zilipita kabla neno mikoko halijaonekana. Shuleni huo ni utangulizi mtamu. Chuoni mhadhiri anayesahihisha karatasi mia mbili anatafuta kitu kimoja katika aya ya kwanza: wewe unadai nini? Asipokiona anadhani huna la kusema.

Sababu ya pili ni lugha yenyewe, lakini si kwa namna tunavyodhani. Mwaka 1979 mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alitofautisha lugha ya kuzungumza na lugha ya kusomea. Uchunguzi wake na wenzake juu ya watoto wa wahamiaji ulionyesha kwamba mtoto huweza kuzungumza vizuri lugha mpya katika muda wa kama miaka miwili, lakini kuisomea na kuiandikia sawa na wenzake wenye lugha hiyo huchukua miaka mitano hadi saba. Nao wale walikuwa watoto wanaoishi katikati ya lugha hiyo, darasani, dukani na mtaani.

Wetu hawako hivyo. Mtoto wa Mji wa Kale, wa Lamu au wa Malindi anazungumza Kiswahili nyumbani, kwenye maskani na madrasani. Mwenzake wa Kaloleni au Kinango ana Kigiriama au Kiduruma kwanza, kisha Kiswahili, na Kiingereza ni lugha yake ya tatu. Kiingereza wanakikuta darasani tu, na hata darasani mwalimu akiona hawakuelewa anarudi Kiswahili. Kwa hivyo utamsikia mtoto anaongea Kiingereza cha simu na cha mahojiano vizuri sana, ukadhani amemaliza. Mpe kurasa kumi za utafiti, zenye sentensi za mistari minne na maneno ambayo hayasemwi na mtu yeyote barabarani, ndipo utakapoona. Anasoma polepole mno, akifika chini ya ukurasa ameshasahau cha juu, na usiku umekwisha. Kinachobaki ni kunakili na kubadilisha maneno.

Sababu ya tatu ni adabu ya kusoma tuliyolelewa nayo. Sisi tumezoea kuhifadhi maandishi kama yalivyo. Matini yenye heshima haibadilishwi neno, na anayeiongeza yake ni mkosa adabu. Malezi hayo ni mazuri mahali pake, wala siyalaumu. Lakini mtoto akiyapeleka kwenye kitabu cha mtafiti wa mikoko, anaona kwamba yeye ni nani hata aseme kinyume na profesa? Huku chuo kinamtaka aseme hivyohivyo, kwa heshima na kwa ushahidi. Hata hivyo malezi yayo hayo yana kitu kitakachomsaidia. Kila aliyepita madrasa anajua kwamba hadithi haisimuliwi bila isnadi, yaani kutaja nani amepokea kwa nani. Kutaja chanzo katika kazi ya chuo ni jambo la namna hiyo: neno hili si langu, nimelipokea kwa fulani, mwaka fulani. Nilipomweleza binti yetu hivyo, alielewa mara moja kitu ambacho somo la muhula mzima la stadi za mawasiliano lilikuwa limempa kama orodha ya nukta na mabano.

Sasa nieleze tulichofanya usiku ule, kwa sababu ndicho ninachotaka watu wakijaribu.

Nilimwambia asome tena ile aya ya Mwache mara mbili, kisha afunge kitabu. Nikamuuliza kwa Kiswahili, kama tunavyozungumza barazani, "Haya, mikoko ya Mwache ilikufa kwa nini?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ami, mkoko unapumua kwa ile mizizi iliyo juu ya tope. Mvua ile ilileta udongo mwingi kutoka bara mpaka mizizi ikafukiwa. Ikawa kama mtu aliyezibwa pua. Kwa hivyo si shoka peke yake linaloua mikoko."

Nikamwambia asimame hapohapo. Ile sentensi ya mwisho haikuwa kwenye kitabu. Ilikuwa yake. Na ndiyo hoja iliyokosekana katika kurasa zake zote nane. Alikuwa nayo kichwani siku zote, ila ilikuwa kwa Kiswahili, na hakuna aliyemwambia kwamba anaruhusiwa kufikiri kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza.

Tukaendelea. Aliandika vidokezo vitatu kwa Kiswahili: mizizi hupumua, udongo umetoka bara, shoka si peke yake. Kisha akaandika aya kwa Kiingereza bila kufungua kitabu, hata kama sarufi ina makosa. Baada ya hapo ndipo akafungua kitabu kuhakiki mambo mawili tu: miaka na majina ni sahihi, na maneno ya kitaalamu ni yaleyale ya kitabu. Maneno ya kitaalamu hayabadilishwi. Udongo ni udongo, haugeuzwi mchanga ili kukwepa kompyuta. Mwisho akaweka jina la mwandishi na mwaka papo hapo, si kungoja mwisho wa kazi, kwa maana ukingoja utasahau ulichokitoa wapi.

Aya mpya, kwa maana yake, ilisema hivi: mikoko haiuawi na ukataji peke yake. Katika hori la Mwache, mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo uliofukia mizizi ya kupumulia, na miti mingi ikafa, kama alivyoonyesha mtafiti fulani, mwaka fulani. Kwa hivyo kupiga marufuku ukataji hakutoshi, ikiwa mashamba yaliyo juu ya mito yataendelea kumomonyoka.

Ina sehemu tatu, na ukizijua unaweza kuipima aya yoyote. Sentensi ya kwanza ni dai la mwanafunzi. Ya pili ni ushahidi, na ina mwenyewe aliyetajwa. Ya tatu inasema ushahidi huo una maana gani kwa dai. Karatasi yake ya zamani ilikuwa na sehemu ya katikati peke yake, kurasa nane za ushahidi wa watu bila dai wala maana. Ndiyo sababu ilisomeka kama ya kunakili hata pale ambapo kompyuta haikuona kitu.

Aya ile ya kwanza ilituchukua dakika arubaini. Ya tatu ilichukua kama ishirini. Sitaki kumdanganya mtu kwamba ni njia ya mkato. Mwanafunzi anayeanza kazi usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi hawezi kuitumia. Na ina mipaka yake. Haiponyi sarufi. Vile vineno vidogo ambavyo Kiingereza huvitanguliza mbele ya nomino, na Kiswahili hakina, vitaendelea kumponyoka kwa muda. Tena kuna hatari ya kuitumia vibaya: akiandika sentensi nzima za Kiswahili kisha azifasiri neno kwa neno, Kiingereza chake kitapinda. Kiswahili ni cha kuelewa na kupanga, katika vidokezo vifupi. Sentensi zenyewe zitungwe kwa lugha ya kuandikia.

Niseme neno pia juu ya ile asilimia 46, kwa sababu wazazi huisikia kama hukumu. Programu ile haijui wizi. Inahesabu mifuatano ya maneno inayolingana na maandishi mengine. Orodha ya vitabu mwishoni inaweza kuhesabiwa, jina la swali linaweza kuhesabiwa, na nukuu zilizowekwa alama sawasawa pia zinaweza kuhesabiwa, kutegemea ilivyopangwa. Kwa upande mwingine, mtu akibadilisha maneno ya kutosha, asilimia itashuka na mifupa ya mwenzake itabaki. Kwa hivyo kushusha asilimia si lengo. Kipimo cha kweli ni cha nyumbani kabisa: funga karatasi, muulize mwenye kazi maswali matatu kwa lugha anayoijua. Nani amesema hivi? Amesema nini? Wewe unasemaje? Akijibu yote matatu, aya ni yake. Akikwama kwa la pili, hajaelewa, arudi kusoma. Akikwama kwa la tatu, bado hana hoja.

Mzazi hahitaji digrii wala Kiingereza kuuliza maswali hayo. Mama yake binti yetu aliishia darasa la nane, na sasa ndiye anayeyauliza kwa simu. Mtoto akimweleza mama yake jambo likaeleweka, ameshalielewa mwenyewe.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Somo la stadi za mawasiliano hufundishwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fani mbalimbali, mara nyingi wamejaa ukumbi mzima, na kupimwa kwa mtihani. Mwanafunzi anaweza kulipita kwa kukariri aina za aya bila kuandika aya moja iliyosomwa na mtu. Kingemfaa zaidi kitu kidogo: alete rasimu ya ukurasa mmoja wiki ya tano, mhadhiri au msaidizi wake aandike neno moja tu pembeni, dai liko wapi, kisha arudishiwe airekebishe kabla ya alama. Na anayesahihisha aanze na hoja, kisha mpango wa aya, sarufi iwe mwisho. Karatasi iliyojaa miduara myekundu juu ya sarufi humfundisha mtoto kwamba kosa lake ni vineno vidogo, naye hutumia muhula mzima kurekebisha visivyo shina.

Mhadhiri wa binti yetu, Mungu amjaze kheri, alikubali aandike upya baada ya kwenda ofisini na kumweleza. Nilikuwa nimemwambia asiende kuomba huruma. Aende na ile aya mbili mkononi, ya zamani na mpya, amwonyeshe tofauti. Safari hii alipata 9 kwa 15. Alama sita zilizopotea zilikuwa za sarufi, na za vyanzo viwili alivyosahau kuvitaja.

Wiki hii amenipigia tena. Wamepewa kazi nyingine, juu ya uvuvi wa pweza. Kabla sijamuuliza chochote akaanza kunieleza kwa Kiswahili kitabu kimesema nini, kisha akasita na kusema, "Lakini ami, hapa mimi sikubaliani naye." Nikamwambia aandike hilo kwanza.